Padi mbili kwenye gemu ya kibodi tu: JoyToKey, AntiMicroX au Steam?

Drani_Arua: Wadau, nina gemu ya zamani ya kupigana ya watu wawili, natumia Windows 10. Padi haizitambui kabisa, inajua kibodi tu: mchezaji wa kwanza mishale na Z, X, C, wa pili W, A, S, D na J, K, L. Tukibanana na mdogo wangu kwenye kibodi moja, kila mtu akishikilia vitufe viwili, mara nyingi kimoja hakisikiki. Nimenunua padi mbili za USB za bei ya chini. Nitumie programu ipi kati ya hizo tatu kugeuza vitufe vya padi kuwa herufi za kibodi?

Kato_Kla: Steam tu, usihangaike. Iongeze gemu kwa "Add a Non-Steam Game", fungua mpangilio wa padi, kila kitufe ukipe herufi yake. Hakuna haja ya kupakua kitu kingine.

Baraka256: Mimi padi yangu inaunganika na simu kwa bluetuthi lakini gemu ya mpira haiioni. Hii JoyToKey inaingia kwenye simu?

Mama_Salim, Bombo: Baraka mwanangu, hapana, hiyo ni ya Windows. Ya simu ianzishie mada yake, ina mambo mengine.

Kato, njia yako inafanya kazi, ila lazima gemu ifunguliwe kupitia Steam, na padi zisizo na jina huenda ukaanza kwa kuielekeza Steam kitufe gani ni kipi. Kwa gemu ndogo ya zamani na padi mbili, mimi naona JoyToKey ni nyepesi zaidi.

Drani, kwanza ujue kwa nini kitufe kinapotea. Nyaya ndani ya kibodi ya kawaida zimepangwa kwa safu na mistari, na vitufe kadhaa vikibanwa pamoja kibodi inashindwa kuvitofautisha, basi inaacha kimoja. Herufi inayotoka kwenye padi haipiti kwenye nyaya hizo, kwa hiyo tatizo lako linaisha, hata ungetumia programu ipi kati ya hizo tatu.

Chomeka padi zote mbili ndipo ufungue JoyToKey. Utaona "Joystick 1" na "Joystick 2". Bonyeza kitufe kwenye padi na mstari wake utawaka njano. Ubofye mara mbili, uweke Z, kisha endelea hivyo hivyo. Padi ya pili uipe W, A, S, D na J, K, L. Yote yanakaa kwenye profaili moja. Halafu fungua Notepad ubonyeze padi: herufi zikitokea, kazi imekubali.

Drani_Arua: Asante mama. Kwenye Notepad herufi zinatoka zote. Kwenye gemu, kimya.

Mama_Salim, Bombo: Je, gemu unaifungua kwa "Run as administrator"? Kama ndiyo, na JoyToKey uifungue hivyo hivyo. Windows hairuhusu programu ya kawaida kuipelekea vitufe programu yenye mamlaka makubwa kuliko yake. Kama siyo hilo, ingia kwenye mipangilio ubadilishe namna ya kuiga kibodi. Gemu nyingi za zamani haziangalii herufi, zinaangalia namba ya kitufe chenyewe kwenye kibodi, na Notepad haikuonyeshi tofauti hiyo.

Drani_Arua: Ilikuwa ni administrator! Sasa inapiga. Lakini nikisukuma stiki mbele, wakati mwingine jamaa anaruka.

Ocen_Gulu: Stiki ikigeuzwa kuwa mishale inabaki na pande nane tu, haijui kidogo wala sana. Ukiisukuma pembeni ikapanda juu kidogo, inatoa mishale miwili, naye anaruka. Mimi niko Linux, natumia AntiMicroX, ni ya bure na ya Windows ipo pia. Ina "Dead Zone", yaani stiki isogee kiasi gani ndipo isikike, na "Diagonal Range", upana wa zile kona. Kona zilikuwa digrii 45, nikazishusha hadi 30, kuruka ovyo kukapungua. Kwa sababu hiyo mimi ningechagua AntiMicroX.

Mama_Salim, Bombo: Hapo Ocen ana hoja. Ila usizibane kona mno, kwa sababu kuna mapigo yanayopita chini, kona, mbele, na kona ikikosa kusikika pigo halitoki. Kwa gemu za kupigana mimi naachana na stiki, natumia ule msalaba wa kushoto.

Ocen_Gulu: Kwenye padi hizi za bei ya chini msalaba wenyewe ni mgumu, mama. Kidole kinauma kabla raundi hazijaisha.

Drani_Arua: Msalaba nimeujaribu, kuruka kumeisha, mdogo wangu bado anataka stiki. Swali lingine: leo nimewasha kompyuta, padi zimebadilishana, yangu imekuwa ya pili. Padi zenyewe zinafanana kila kitu.

Mama_Salim, Bombo: Windows ndiyo inayozipa namba. Zichomoe zote, uchomeke yako kwanza, na kila padi iwe na tundu lake lile lile siku zote. Zikikataa bado, badilishaneni padi mkononi.

Kato_Kla: Mimi nitaijaribu na padi mbili kwenye Steam wikendi hii, nione kama nazo zinabadilishana.