Insha ya kuomba ufadhili wa chuo: wewe uliandika nini hasa? Tupeane uzoefu

Shangazi_Umoja
Wapendwa, mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na ameniletea insha yake ya kuomba ufadhili nimsomee kabla hajaituma. Haina kosa hata moja la sarufi. Nilipofika mwisho sikuwa nimepata habari yoyote kumhusu, na mtoto huyu nimemlea mimi. Ndoto tangu utotoni, elimu ni ufunguo wa maisha, changamoto nyingi, mabadiliko chanya katika jamii. Mliowahi kuandika insha hizi au kumsaidia mtu, mliyatoaje maneno hayo mkaweka maisha yenu? Nipeni yaliyowakuta.

Kijana_Kayole
Huo ufunguo wa maisha tumeushika wote. Nafuatilia.

Dada_wa_Huruma
Shangazi, umenigusa penye kidonda. Mdogo wangu wa kike alifanya KCSE 2024 akapata B+. Insha yake ya kwanza ilianza hivi: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yangu. Licha ya changamoto nyingi nilizopitia, sijawahi kukata tamaa." Na huyu ni mtoto ambaye nyumba ilisombwa na maji akiwa ndani yake!

Nilimpa kalamu nyekundu nikamwambia akate kila sentensi ambayo mtoto wa Karen au wa Kitui anaweza kuiandika bila kubadilisha neno. Ikabaki moja tu: "Mama yangu hufua nguo za watu." Akaanza kulia, akasema basi hana cha kuandika. Nikamwambia aiweke kalamu chini, anitumie ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, anisimulie siku iliyokuwa mbaya kuliko zote mwaka ule kama vile tunaongea kwa simu. Akaongea kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Tukayaandika vilevile alivyoyasema, na baadaye ndipo akayageuza kuwa Kiingereza cha fomu.

Mwanzo mpya ukawa huu: "Mwishoni mwa Aprili 2024 Mto Mathare uliingia nyumbani kwetu usiku, maji yakafika juu ya magoti ya mama. Tulitoka na godoro moja na jiko. Daftari zangu za fizikia na kemia, za kidato cha tatu na cha nne, zilibaki ndani." Mkikumbuka, mwaka ule hata shule zilichelewa kufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Yeye muhula ulianza akiwa hana daftari, na miezi sita mbele kuna mtihani wa taifa.

Lakini hapo bado haikuwa imekaa sawa. Rasimu ile ya pili ilikuwa mafuriko mwanzo mpaka mwisho. Ukiisoma unamhurumia, halafu basi. Nikamuuliza, wewe ulifanya nini? Ndipo akaniambia jambo ambalo hata mimi dada yake sikulijua. Kila Jumamosi alikuwa anakwenda kwa rafiki yake Kariobangi kunakili noti kwa mkono. Alianza na mada ambazo mwalimu alikuwa amezifundisha haraka, kwa sababu za nyingine angeweza kuzisoma kwenye kitabu cha shule. Hiyo ikawa aya ya pili. Mafuriko tukayapunguza yakawa sentensi tano.

Tukaja kwa ndoto. Alikuwa ameandika anataka uhandisi "ili kubadilisha Kenya". Nikamuuliza kwa nini uhandisi na si udaktari, akasema bila kufikiria: mtaro wa ploti yetu uliishia kwenye ukuta wa jirani. Vijana waliuchimba kwa nguvu zao, lakini hakuna aliyepima maji yataelekea wapi, kwa hiyo mvua kubwa ikija maji yanagonga ukuta na kurudi milangoni. Anataka kujua mtaro unafaa kuwa na upana gani na mteremko gani. Tukaandika hivyo hivyo, na tukaongeza kwamba anajua mtaro mmoja haungeuzuia mto wenyewe.

Mwisho ni pesa, wazi kabisa. Mama hufua Isili, siku nzuri anapata shilingi 600, na siku nyingine anakaa barazani mpaka saa sita bila kuitwa. Kodi ni 3,500. Karo inayobaki baada ya mkopo ni kiasi fulani, na fungu ambalo familia itatoa ni hili hapa. Maneno 490, kikomo kilikuwa 500.

Bonge_Donholm
Alipata?

Dada_wa_Huruma
Aliitwa mahojiano. Majibu bado.

Bonge_Donholm
Basi niseme ukweli ambao watu hawapendi kuusikia. Wanaosoma wanataka machozi. Ungeacha mafuriko kurasa zote. Shida ndiyo inayopewa pesa, mtaro wa jirani hauna kazi pale.

Mwalimu_Mstaafu
Bonge, nusu ya maneno yako ni kweli. Nimekaa kwenye kamati ya basari ya kanisa kwa miaka mingi. Shida lazima ionekane, maana bila hiyo hatuna sababu ya kukupa wewe na kumwacha mwingine. Lakini kwa mkao mmoja mezani pana rundo la bahasha, na karibu kila bahasha ina shida. Mafuriko, mzazi mgonjwa, baba aliyefutwa kazi. Tukishawapanga wenye uhitaji, tunabaki tunajiuliza nani kati yao atamaliza chuo. Hapo yule wa kunakili noti Jumamosi ananyanyuka, kwa sababu ametuonyesha anavyofanya mambo yakiharibika. Na ule mtaro unatuonyesha kwamba hakuchagua kozi kwa kuwa jina lake ni zuri.

Jambo lingine ambalo vijana hawalifikirii ni kwamba insha husomwa pamoja na makaratasi. Barua ya chifu, matokeo, karatasi ya karo, cheti cha kifo kama umetaja kifo. Tunatafuta mahali hadithi na karatasi zinapoachana. Sehemu nyingine wanatuma mtu nyumbani. Ukiandika mama hufua Isili, mgeni atamuuliza mama anafua mtaa gani na siku ngapi kwa wiki. Mwenye hadithi ya kweli hana cha kukariri.

Omosh_wa_Pipeline
Mimi nimewekwa bendi ya nne na baba ni mlinzi wa usiku. Niandike insha ya namna gani ndiyo wanishushe bendi?

Mwalimu_Mstaafu
Omosh, hiyo ni rufaa ya ufadhili wa serikali, ni jambo tofauti. Kule wanapima majibu ya fomu na ushahidi: kazi ya wazazi, mapato, idadi ya watoto walio shuleni, shule uliyosomea. Tafuta karatasi ya mshahara wa baba na risiti za karo za ndugu zako. Insha nzuri haitaziba pengo la karatasi.

Nyota_Dandora
Naomba niseme langu, kwa sababu hapa mnazungumza kana kwamba ukweli hauna gharama.

Kaka yangu aliandika ukweli wote. Baba yetu anakunywa. Aliandika jinsi baba alivyouza cherehani ya mama, na kwamba mwaka wa mtihani alikuwa anasomea kwenye ngazi za jengo la jirani kwa sababu nyumbani hapasomeki. Insha ilikuwa na nguvu, mwalimu wake alilia. Ikapita. Wakatuma mgeni kuja kuhakikisha. Alikuja Jumapili, mama yuko kanisani, baba yuko nyumbani na siku hiyo hajaonja kitu. Yule mgeni akafungua faili akaanza kumuuliza baba kuhusu cherehani. Hivyo, mbele ya wapangaji wawili waliokuwa mlangoni.

Baba hakupiga mtu. Alijibu kila swali, akatia sahihi, akamsindikiza mgeni hadi kwa stegi. Kisha hakumsemesha kaka yangu mpaka anakwenda chuo. Ufadhili alipata, yuko mwaka wa tatu. Akija nyumbani wanasalimiana tu. Mama anasema mtoto alituanika, kaka anasema aliandika maisha yake. Mimi niko katikati mpaka leo.

Kijana_Kayole
Eh. Pole sana, Nyota.

Bonge_Donholm
Mgeni ndiye aliyekosea. Anasomaje faili mbele ya wapangaji?

Mama_Pili_Kibra
Mgeni alikosea, lakini mtoto naye hakutakiwa kumwandika baba yake. Mambo ya chumbani hayaendi kwa fomu. Angeandika "hali ya nyumbani ni ngumu" inatosha.

Dada_wa_Huruma
Mama Pili, kwa heshima, "hali ya nyumbani ni ngumu" ndiyo ile sentensi tuliyoikata kwa kalamu nyekundu. Haimwambii mtu kitu.

Mama_Pili_Kibra
Afadhali isiseme kitu kuliko iseme baba ni mlevi. Wewe binti hujui aibu inavyotembea kwa ploti.

Mwalimu_Mstaafu
Pana njia ya katikati, ingawa haitamridhisha kila mtu. Mwombaji anaweza kuandika matokeo yaliyomfika yeye bila kumhukumu mzazi. "Cherehani iliyokuwa inalipa karo iliuzwa nikiwa kidato cha tatu. Nikaanza kusomea kwenye ngazi za jengo la jirani, penye taa." Msomaji anaelewa pana shida kubwa. Akitaka kujua nani aliuza atauliza kwenye mahojiano, faraghani. Na mtu akitajwa kwenye insha, yafaa aambiwe kabla haijatumwa. Mdogo wako, Dada, alimsomea mama?

Dada_wa_Huruma
Alimsomea. Mama alikataa sehemu moja tu, ya kukaa barazani bila kuitwa. Alisema waajiri wake watajua. Tukamweleza kwamba hawatajwi, akakubali.

Nyota_Dandora
Mwalimu, hiyo ya ngazi na taa ingetuokoa. Ila kaka angekuambia kwamba kumficha baba ni uwongo pia. Tumeshabishana sana juu ya hilo.

Omosh_wa_Pipeline
Na kama huna shida kubwa hivyo? Mimi sijawahi kusombwa na maji wala kuuziwa kitu. Pesa tu hazitoshi.

Dada_wa_Huruma
Andika hizo zisizotosha. Mlinzi wa usiku analipwa kiasi hiki, kodi hii, karo za ndugu hizi, kinachobaki ni hiki. Kisha useme mwaka jana mliacha nini ili mtu mwingine asome. Usikope mafuriko ya watu.

Shangazi_Umoja
Nimesoma yote na nimemwita mpwa wangu tukakaa. Nimefanya ile ya ujumbe wa sauti. Kumbe kila Jumamosi tangu kidato cha pili amekuwa Gikomba kwa mama mmoja wa mitumba, na mimi nilidhani anacheza mpira! Hakuandika kwa sababu anaona ni kazi ya aibu. Anaomba kozi ya takwimu, na alipoulizwa kwa nini alisema "ina soko".

Mwalimu_Mstaafu
Muulize anafanya nini hasa hapo Gikomba. Kubeba au kuchambua?

Shangazi_Umoja
Kuchambua belo. Na anaandika kwenye kitabu kila belo imetoa kamera ngapi, zile nguo nzuri kabisa, na fagia ngapi, zile za kutupa bei, ili yule mama ajue belo za nani zinamtia hasara.

Mwalimu_Mstaafu
Shangazi, hiyo ndiyo aya yake ya takwimu. Mwambie akiombe hicho kitabu, achague belo mbili, moja iliyolipa na moja iliyotia hasara, aandike hesabu yake na yule mama aliamua nini baada ya kuiona. Aombe ruhusa kwanza, jina la mama asilitaje. Soko la ajira aliache kabisa.

Mama_Pili_Kibra
Na barua ya chifu afuate mapema wiki. Ijumaa foleni ni ndefu.