Asali, chupa na 137.2: nani kapatia jibu la maabara?

Mwanafunzi wa Cheyo
Shikamooni wakubwa. Leo praktiko chupa tupu kwenye mizani ilikuwa gramu 112.36, asali tukapima kwenye silinda mili 17.5, densiti tumepewa 1.42. Tukaambiwa tukokotoe chupa na asali kwa pamoja. Nimeandika 137.3 nimekatwa maksi, mwenzangu 137.2 kapata, mwingine 137 kakatwa. Alafu tulipoiweka kwenye mizani yenyewe ikasoma 137.02. Kosa langu liko wapi?

Mzee wa Fomula
Marahaba mjukuu. Kanuni ni moja tangu enzi zetu, namba yenye tarakimu za maana chache ndo inaamua jibu. 1.42 ina tatu, 17.5 ina tatu, 112.36 ina tano, kwa hiyo jibu linakuwa na tatu, 137, na huyo aliyeandika 137 ameonewa aende akadai maksi zake. Ila mimi kinachonishangaza ni hiyo mizani, hesabu inakuja 137.21 mizani inasema 137.02, zimepungua gramu 0.19 zimeenda wapi? Hapo asali imetiwa maji, hii asali ya siku hizi ya huko kwetu Tabora tunaijua.

Mrina asali Sikonge
Mzee wa Fomula naomba ufute hiyo kauli. Mimi napanda miti kuweka mizinga tangu sijaoa, asali inatoka kwenye sega inachujwa kwa kitambaa inaingia kwenye ndoo, hayo maji naweka saa ngapi? Mtu anapiga hesabu moja ya shule tayari kashatuharibia jina wafugaji nyuki wa mkoa mzima. Leta ushahidi.

Mzee wa Fomula
Ushahidi ni 0.19. Maji ni mepesi kuliko asali, ukichanganya uzito unapungua, na hapa umepungua. Namba haina undugu na mtu.

Fundi wa maabara, Isevya
Nimeshika bureti na mizani za shule miaka mingi naomba niseme polepole. Mwanangu wa Cheyo, hebu kwanza tuonyeshe ulivyopiga, maana 137.3 najua inatokea njia gani lakini nataka niione kwako.

Mwanafunzi wa Cheyo
1.42 mara 17.5 nikapata 24.85, nikasema hii ni kuzidisha lazima iwe tarakimu tatu, nikaraundi 24.9. Nikajumlisha na 112.36 nikapata 137.26, nikaraundi tena 137.3.

Fundi wa maabara, Isevya
Hapo hapo. Umeraundi mara mbili, ya kwanza ilikusogeza juu 0.05 na ya pili ikakusogeza juu tena 0.04, mwisho umetua 0.09 juu ya hesabu yenyewe. Kosa siyo kujua kwamba 24.85 ina tarakimu tatu za kuaminika, hilo umelijua vizuri. Kosa ni kuitupa ile 5 kabla kazi haijaisha. Sisi tulikuwa tunapiga mstari chini ya tarakimu ya mwisho inayoaminika, yaani kwenye 24.85 unapiga mstari chini ya 8, ile 5 inabaki nyuma yake inasafiri tu kama abiria. Ukifika kwenye kujumlisha huhesabu tena tarakimu ngapi, unaangalia mistari iko wapi. 112.36 mstari uko chini ya 6, sehemu ya mia. 24.85 mstari uko chini ya 8, sehemu ya kumi. Anayeishia mapema ndo anatawala, kwa hiyo jumla 137.21 mstari unaangukia chini ya 2. Sasa ndo unaraundi, mara moja tu, 137.2.

Na Mzee wa Fomula kwa heshima zote, kanuni yako ni ya kuzidisha na kugawanya. Kwenye kujumlisha haifanyi kazi. Chukua chupa hiyo hiyo ya 112.36, weka asali mili 1.5 tu. 1.42 mara 1.5 ni 2.13, jumla 114.49. Kanuni yako inasema tarakimu mbili maana 1.5 ina mbili, unaandika 110. Yaani chupa yenye asali imekuwa nyepesi kuliko chupa tupu.

Dada Mwanga
Aisee hiyo ya chupa yenye asali kuwa nyepesi kuliko tupu nimeirudia mara tatu kwenye kalkuleta, ni kweli kabisa 😳

Dagaa Kibirizi
Afadhali mmeanzisha hii mada maana mimi imeniuma mfukoni. Nilipeleka viroba 12 vya dagaa, kila kimoja kilo 18.5, karani mmoja msomi kapiga 12 mara 18.5 akapata 222, alafu ananiambia 12 ina tarakimu mbili kwa hiyo kitaalamu ni kilo 220. Kilo 2 zangu zikapotea pale pale na mimi nilinyamaza maana sikusoma sana. Kumbe ni hii hii signifikanti figa mnayoizungumzia?

Fundi wa maabara, Isevya
Pole ndugu yangu, alikupunja. Viroba 12 umehesabu hukupima, hakuna kiroba 12 na nusu robo pale. Namba ya kuhesabu ni kamili haina mwisho wa kuaminika, haibani jibu. Kinachobana ni 18.5 tu, tarakimu tatu, kwa hiyo 222 ilikuwa sahihi.

Dagaa Kibirizi
Sasa kama alipima kiroba kimoja tu akavizidisha vyote?

Fundi wa maabara, Isevya
Hapo ni jambo jingine. Kama mizani yake inakosea kilo 0.05 kwa kiroba, na kakizidisha kimoja mara 12, kosa nalo limezidishwa mara 12 linakuwa kilo 0.6. Bado 222 inasimama lakini usikubali akuandikie 222.0. Na kama viroba havilingani kiukweli basi hapo tarakimu hazikusaidii kitu, dai vipimwe kimoja kimoja.

Mrina asali Sikonge
Mnaongea dagaa mimi jina langu bado limechafuliwa. Mzee wa Fomula hajafuta.

Mzee wa Fomula
Sifuti. Nimekosea kwenye kujumlisha, nakubali, mfano wa fundi umenishika. Lakini hata kwa 137.2 yake mizani ilisoma 137.02, bado imepungua. Mnanishambulia kwenye tarakimu ili msijibu kuhusu maji.

Dada Mwanga
Mzee mbona jibu liko humo humo? Ukisema 137.2 maana yake ile 2 yenyewe ina mashaka. Utamtuhumuje mtu kwa tofauti iliyoko kwenye tarakimu ambayo wewe mwenyewe huiamini?

Fundi wa maabara, Isevya
Dada umegusa penyewe, ngoja nimpe mzee namba maana ni mtu wa namba. Densiti 1.42 tuseme inaweza kukosea 0.01. Kwa mili 17.5 hiyo inaleta kosa la gramu 0.175. Silinda tuseme inakosea mili 0.1, mara 1.42 inaleta gramu 0.142. Zikiangukia upande mmoja zote ni kama 0.3. Mizani kosa lake ni dogo sana hapa halisumbui. Kwa hiyo hesabu ya kijana inasema iko kati ya 136.9 na 137.5, na mizani imesoma 137.02, iko ndani. Au pitia mlango wa pili, toa 112.36 kwenye 137.02 unabaki na 24.66, gawa kwa 17.5 unapata 1.41. Mzee, unamshtaki mrina asali kwa tofauti ya 1.42 na 1.41.

Asali ikitiwa maji sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, densiti inashuka kwenye 1.38 hivi, chupa ingesoma kama 136.5. Hapo ningesema na mimi kuna kitu.

Mzee wa Fomula
Na akiweka nusu ya hayo maji? Sehemu moja ya ishirini?

Fundi wa maabara, Isevya
Ingesoma kama 136.8 na kitu, yaani pale pale mpakani. Kwa silinda hii na densiti ya tarakimu tatu siwezi kukwambia imetiwa au haijatiwa. Kifaa hakifiki huko.

Mzee wa Fomula
Basi hata wewe huwezi kumsafisha.

Mrina asali Sikonge
Sihitaji kusafishwa na silinda!! Njooni Sikonge muonje.

Dada Mwanga
Mimi nina swali jingine jamani kabla hamjagombana zaidi. Kuna mwalimu alitufundisha kwamba 5 ikiwa ya mwisho unaangalia namba ya mbele yake, ikiwa shufwa unaiacha. Sasa 24.85 ingekuwa 24.8 siyo 24.9, na huyu mdogo wetu angejumlisha 137.16 akaraundi 137.2 akapata maksi yake, na kosa ni lile lile la kuraundi mapema.

Fundi wa maabara, Isevya
Wapo wanaoraundi hivyo na siyo kosa, ni mazoea ya maabara. Ndo uone ubaya wa kuraundi katikati, wanafunzi wawili data moja, jibu linategemea kila mmoja alifundishwa nini kuhusu 5. Ile 5 ukiibeba mpaka mwisho ugomvi huo hauzaliwi.

Mzee wa Fomula
Naomba nirudi kwenye 137 yangu mara ya mwisho. Fundi kasema mwenyewe kosa ni 0.3. Sasa nani mkweli zaidi, anayeandika 137.2 akafanya watu waamini 0.1, au mimi ninayeandika 137? Nilipita njia mbaya lakini pengine nimefika.

Fundi wa maabara, Isevya
Mzee hilo sikubishii kirahisi. Kanuni ya mistari ni makadirio ya haraka, inakuambia nafasi gani imechafuka haikuambii imechafuka kiasi gani. Mimi ningeandika 137.2 na pembeni yake jumlisha au toa 0.3. Kwa mtihani bila hiyo ya pembeni wanataka 137.2, na 137 ingepoteza habari ambayo bado ina faida kidogo. Lakini aliyeandika 137 kwa sababu yako ya mwisho ningempa maksi, aliyeandika kwa sababu yako ya kwanza nisingempa.

Ila kuna kitu hakuna aliyekiuliza. Kijana, hiyo asali mliimimina vipi kutoka kwenye silinda?

Mwanafunzi wa Cheyo
Tuliinamisha silinda juu ya chupa tukasubiri mpaka ikaacha kudondoka.

Fundi wa maabara, Isevya
Na ukutani ndani ya silinda palibaki pakavu?

Mwanafunzi wa Cheyo
Hapana palikuwa panang'aa, mwenzangu alipitisha kidole akalamba.

Fundi wa maabara, Isevya
Gramu 0.19 ya asali ni mili 0.13, matone machache tu. Silinda ilisoma 17.5 lakini kwenye chupa haikufika 17.5. Hilo tarakimu za maana haziwezi kukuonyesha hata uzipange vipi, na linapunguza siku zote, haliongezi. Siku nyingine pima silinda tupu ikiwa kavu, mimina, alafu irudishe kwenye mizani na asali yake ya ukutani uone imeongezeka ngapi.

Mrina asali Sikonge
Kwa hiyo aliyepunguza asali ni kidole cha mtoto siyo mimi.

Mzee wa Fomula
Kidole au maji, subirini silinda ipimwe. Mpaka hapo nimefuta neno Tabora, neno maji nimeliacha.

Mwanafunzi wa Cheyo
Silinda bado iko maabara haijaoshwa lakini ina kidole cha mwenzangu. Alhamisi tuna kipindi, nitaomba asali nyingine tuanze upya na silinda kavu, nitaleta namba.