Sura ya pili imerudishwa: ninukuu, nieleze upya au nifupishe?

Mpwa wa Mikindani
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Ninaandika tasnifu kuhusu stakabadhi ghalani katika korosho hapa Mtwara. Ripoti moja inasema: "Mkulima anapokabidhi korosho ghalani hupewa stakabadhi, lakini malipo yake husubiri hadi mnada ukamilike na makato yaondolewe." Mimi niliandika: "Mzalishaji anapopeleka korosho kwenye ghala hupatiwa stakabadhi, ila fedha zake hungoja mpaka mnada umalizike na makato yatolewe," nikataja chanzo. Msimamizi ameandika pembeni: "Haya bado si maneno yako." Nimekosea wapi? Tena nina mahojiano ya Kimakonde na wazee watatu, niyafanyeje?

Kijana wa Newala
Ndugu, ulibadilisha maneno machache mno. Geuza na mpangilio, na ukishafanya hivyo huna haja ya kutaja chanzo, kwa kuwa maneno ni yako.

Mama wa Ngapa
Mwanangu wa kidato cha nne hupoteza alama kwenye ufupisho kwa kuzidisha idadi ya maneno. Nanyi huhesabiwa?

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Mama, huku hakuna hesabu hiyo. Kijana wa Newala amepatia kuhusu mpangilio tu, kwani maneno yakiwa yako hoja hubaki ya mwenyewe, na chanzo lazima kitajwe.

Mpwa, linganisha sentensi yako na ile ya ripoti: vipande vinafuatana vilevile, na kila neno limekaa kwenye kiti cha mwenzake. Soma aya nzima, funika ripoti, andika ulichoelewa kwa ajili ya hoja yako, kisha funua uhakiki. Mimi ningeandika: "Kwa mujibu wa ripoti hiyo, kupokea stakabadhi si kulipwa, fedha humfikia mkulima baada ya mnada, tena zikiwa zimekatwa." "Stakabadhi" na "mnada" ni istilahi, ziache, kumwita mkulima "mzalishaji" hakukusaidii kitu.

Nukuu pale ambapo maneno yenyewe ndiyo ushahidi. Ukijadili Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, usieleze upya kifungu unachokibishania, maana tofauti ya "atatakiwa" na "anaweza" ndiyo kesi yenyewe. Muhtasari unafaa kwa ripoti nzima unayotaka kuipitia kwa sentensi mbili, lakini angalia usidondoshe mipaka yake: utafiti wa kijiji kimoja kwa msimu mmoja usigeuke kuwa "wakulima wa Mtwara".

Mpwa wa Mikindani
Nimeelewa, mwalimu. Na wale wazee?

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Mzee akieleza utaratibu wa kupima magunia, fupisha. Akieleza alivyojisikia siku ya kukatwa fedha, mnukuu, uweke Kimakonde na chini yake Kiswahili, ukiandika kwamba tafsiri ni yako.

Kijana wa Newala
Hapo sikubali. Msomaji asiyejua Kimakonde atarukia Kiswahili tu, na alama za kunukuu zitamwaminisha kuwa mzee alisema hivyo hasa. Afadhali aeleze kwa maneno yake, na Kimakonde kiwe kwenye kiambatisho.

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Hoja yako ina uzito. Mpwa, muulize msimamizi kabla hujachapa.