Mdogo wangu kasainishwa fomu ya ridhaa ya utafiti bila kuelezewa, na sasa akitaka kujitoa anadaiwa nauli!!

Wakuu nina hasira hapa nilipo. Dogo kajiunga na utafiti wa chanjo ya malaria, kituo sikitaji, siku ya kuelezewa fomu yule mhudumu kafunua kurasa kama anahesabu hela, kamwambia ni homa kidogo na mkono kuuma, haya saini hapa na hapa. Nakala hakupewa mpaka nilipomrudisha akaidai, nikakaa nikaisoma yote. Homa ipo kweli, ila chini yake kuna mzio mkali, ni nadra lakini unaweza kuua na ndo maana ukichomwa unatakiwa ukae kwanza waangalie hali yako. Dogo alichomwa akakimbilia daladala na hakuna aliyemzuia! Halafu imeandikwa kabisa kuna kundi linapewa chanjo nyingine ya kulinganishia na wala haijulikani nani kapata ipi, yeye anajua keshakingwa, kaacha kulala kwenye neti!!

Na saini ya pili ilikuwa ya kukubali damu yake itunzwe na ipelekwe nje kwa tafiti zijazo. Pale kuna NDIYO na HAPANA, imetikiwa NDIYO na aliyetiki siyo yeye. Kasema anajitoa, kaambiwa arudishe nauli zote. Jamani!

Mzee wa Pwani: Asirudishe hata mia. Na wafute kila kitu chake, damu na majibu yote, ni haki yake.

Nesi Mstaafu: Kwenye nauli uko sahihi mkuu, hadaiwi na halazimiki kutoa sababu. Ila majibu yaliyokusanywa mpaka siku anajitoa kwa kawaida yanabaki, maana wakifuta ya kila aliyeumwa akaondoka, chanjo itaonekana salama wakati siyo. Damu iliyoko kwenye friza ndo anaweza kuomba iharibiwe, na aombe mapema kwa maandishi. Kichupa hakina jina, kina namba tu, ile orodha ya kuunganisha namba na majina ikishaharibiwa hakuna wa kujua kipi ni chake. Kwenye fomu kuna namba ya simu ya kamati ya maadili inayolinda washiriki wa utafiti, siyo namba ya mtafiti, apige hiyo awaambie habari ya kutikiwa. Hata akijitoa akubali kufuatiliwa afya, sindano keshachomwa. Na leo alale kwenye neti.

Mama Tunu: Mimi nilisainishwa fomu ya upasuaji niko na uchungu, ina maana na damu yangu ilienda nje?

Nesi Mstaafu: Hiyo ni ridhaa ya matibabu dada, siyo ya utafiti, ni kitu tofauti.

Mleta uzi: Namba ya kamati nimeiona, tunapiga kesho asubuhi. Sasa kama damu imeshasafiri, wanaweza kulazimishwa waiharibu huko huko?

Nesi Mstaafu: Inategemea walivyoandikiana na wanaoipokea. Hapo siwezi kukuahidi kitu, iulizeni kamati hivyo hivyo.