Likizo ya mama wa mtoto njiti ihesabiwe kuanzia lini?

Muulizaji: Nimejifungua mimba ikiwa na wiki 28, na mtoto bado yuko wodi ya watoto njiti. Likizo yangu ya wiki 14 imeanza kuhesabiwa siku ile ile. Je, nina haki ya kumwomba mwajiri aniongezee, au natafuta upendeleo?

Ofisa utumishi: Omba, lakini usiombe muda usio na kikomo, maana huo ndio unaowatisha mameneja. Kutoka wiki 28 hadi 40 ni wiki 12, na wengi wa watoto hawa huruhusiwa kwenda nyumbani karibu na tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa. Ikiwa hivyo, utabakiwa na wiki 2 tu za kumlea nyumbani. Omba hizo 12, ukiambatisha barua ya daktari yenye umri wa mimba ulipojifungua, tarehe ya matarajio na makadirio ya kuruhusiwa. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani unataja likizo ya ziada kwa matatizo yatokanayo na uzazi, ingawa mwajiri mbishi atasema hayo yanamhusu mama, si mtoto.

Mwenye kampuni ndogo: Mtoto analindwa na wauguzi usiku na mchana. Kwa nini mama asirudi kazini sasa, akaitunza likizo yake hadi mtoto atakapotoka?

Muuguzi: Wapo wanaolazimika kufanya hivyo, na siwalaumu. Hata hivyo, mtoto wa wiki 28 hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Uwezo huo hukomaa karibu na wiki ya 34. Hadi hapo mama hukamua maziwa takriban kila baada ya saa 3, mchana na usiku, yapitishwe kwenye mpira, na akikamua kwa kurukaruka hupungua. Tena Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Aliyekuambia mama yuko pale kama mgeni wa kutazama hajaingia wodi hiyo.

Baba wa mapacha: Siku zangu za likizo ya baba ziliisha wanangu wakiwa bado kwenye oksijeni. Mbona mnamzungumzia mama peke yake?

Ofisa utumishi: Swali limeulizwa na mama, ndugu yangu, lakini una hoja. Uingereza, tangu Aprili 2025, kila mzazi mwajiriwa anaweza kuongezewa hadi wiki 12 iwapo mtoto alilazwa ndani ya siku 28 tangu kuzaliwa, akakaa siku 7 mfululizo au zaidi.

Mwenye kampuni ndogo: Nakubali kwamba ya kutunza likizo haifai kwa mtoto mdogo hivyo. Wiki 12 bila malipo ningezitoa leo. Za mshahara kamili, huku nikimlipa anayeshika nafasi yake, zitoke kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, si kwangu.

Muulizaji: Na daktari akisogeza mbele tarehe ya kuruhusiwa baada ya barua kupokelewa?

Ofisa utumishi: Andika humo humo kwamba tarehe itapitiwa upya kila baada ya wiki 4. Kuhusu malipo, sikubaliani na mwenye kampuni.