Ofa ameshaisaini, pesa ya mradi imekatika: tunaifutaje?

Mdau wa Utumishi: Wadau, nisaidieni haraka. Shirika letu limempa kijana mmoja ofa ya afisa manunuzi, mshahara milioni moja na laki nne, kuanza tarehe 1. Alisaini na kurudisha nakala, akaandika notisi ya kuacha kazi Mwanza na kulipia chumba Dar, kodi ya miezi 6. Juzi mfadhili kasitisha fedha. Mkurugenzi anataka niandike "kutokana na sababu zisizozuilika", basi. Je, ni halali kuifuta? Na niandike nini nisizidi kumuumiza?

Bwana Shoka: Sheria iko wazi, chini ya miezi 6 mfanyakazi hana madai. Huyu hajafanya hata siku moja. Andika mistari miwili, ulale. Halafu na yeye, nani alimtuma aache kazi kabla hajakalia kiti kipya? Vijana wa sasa wana pupa.

Nyegezi Kwetu: Pupa ipi? Mtu wa mshahara wa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28. Mwajiri mpya anamtaka tarehe 1. Ulitaka aage lini, akiwa ndani ya basi pale Dodoma?

Bwana Shoka: Akae mpaka asaini mkataba. Ofa siyo mkataba.

Nyegezi Kwetu: Na mkataba wenyewe mnampa siku ya kuripoti! Nyie ndio mnampangisha mtu chumba Dar kwa kodi ya miezi 6 halafu mnamwambia alikuwa na pupa.

Mzee wa Faili: Shoka, umeshika mkia ukadhani ndiyo ng'ombe. Hiyo miezi 6 iko kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na inahusu kuachishwa kazi isivyo haki. Hapa hatujafika huko. Hapa kuna ofa iliyokubaliwa kwa maandishi, na hayo yanaingia Sheria ya Mikataba. Ofa unaiondoa kwa amani kabla mwenzako hajatuma jibu la kukubali. Akishatuma, ukiiondoa unavunja makubaliano, na aliyepata hasara anaweza kuidai.

Sasa Mdau, swali langu ni moja. Barua yenu ya ofa iliweka masharti gani? Kama imeandikwa kwamba ajira inategemea fedha za mradi kupatikana, mna pa kusimama. Kama haikuandikwa, kukatika kwa fedha ni sababu ya kweli na inaeleweka, ila mzigo wake msimtwishe yeye.

Dada wa Tabata: Naomba niseme langu. Mimi niliondolewa ofa baada ya kuuliza likizo ya uzazi inahesabiwaje. Barua ilisema "nafasi imefutwa". Wiki mbili hazijaisha, tangazo la nafasi ileile limebandikwa, na kosa lilelile la tahajia kwenye sifa za mwombaji. Niliumia kwa uongo kuliko kwa kukosa kazi.

Mzee wa Faili: Pole sana dada. Hiyo ilikuwa kesi nzuri. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Lile tangazo ndilo lingekuwa shahidi wako wa kwanza.

Kijana wa Mbagala: Wakuu, na mimi nina ofa mbili. Ya kwanza nimeshakubali, ya pili ina mshahara mnono. Nawaandikiaje hao wa kwanza?

Nyegezi Kwetu: Dogo, fungua uzi wako.

Bwana Shoka: Mnaona? Huyo mwajiri wake atadai fidia kwa nani? Lakini mwajiri akibadili mawazo anakuwa shetani.

Mdau wa Utumishi: Mzee, masharti yalikuwa mawili tu, uhakiki wa vyeti na majibu ya wadhamini. Wadhamini wamejibu vizuri. Majibu ya Baraza la Mitihani hayajarudi. Mkurugenzi sasa anasema tusubiri, pengine vyeti vina kasoro, tumalizie hapo.

Mzee wa Faili: Usithubutu. Tunakumbuka 2017, watumishi zaidi ya 9,900 walitajwa kwa vyeti feki. Nchi hii ukimgusa mtu kwenye cheti, doa halitoki hata akisafishwa.

Cheti cha kughushi ni sababu halali kabisa ya kuondoa ofa, wala sibishi. Lakini hata hapo unampa mtu nakala ya majibu na siku kadhaa za kujieleza, maana nusu ya "kasoro" ninazoziona ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Juma Hamisi, cheti cha kuzaliwa Hamisi Juma. Hiyo inamalizwa kwa hati ya kiapo. Kwenu sababu ni pesa, basi andikeni pesa.

Na kabla ya barua, mpigie simu leo. Muulize notisi yake inaisha lini. Kama bado yuko ofisini, anaweza kumwomba bosi wake airudishe, na kila siku unayochelewa unamfungia huo mlango. Kisha barua iende siku hiyohiyo. Mimi ningeandika hivi:

"Tumepokea taarifa kwamba mfadhili amesitisha fedha za mradi uliokuwa ulipie nafasi ya Afisa Manunuzi. Kwa sababu hiyo tunaondoa ofa ya kazi tuliyokupa, ambayo uliikubali kwa maandishi. Uamuzi huu hauhusiani na vyeti vyako, usaili wako wala wadhamini wako. Tutakulipa shilingi ... kabla ya tarehe ..., pamoja na gharama za kuhama ulizokwisha kuingia. Unaweza kumwonyesha barua hii mwajiri yeyote."

Usiandike "tumeahirisha" wala "tutakuita mambo yakikaa sawa". Atakataa kazi nyingine akiwasubiri nyie. Na usimpe fomu ya "sina madai" asaini siku ileile ya msiba.

Dada wa Tabata: Hiyo sentensi ya "hauhusiani na vyeti vyako" ningeipata mimi, ningelala.

Bwana Shoka: Mzee umemwandikia ushahidi mikononi! "Uliikubali kwa maandishi", si kujifunga kamba? Wakili yeyote ataifuta hiyo.

Mzee wa Faili: Nakala yenye saini anayo nyumbani kwake. Ukiificha kwenye barua inapotea? Ila nakubali, mawakili wengine wangeitoa.

Mdau wa Utumishi: Nimempigia. Alikaa kimya muda, akauliza tu, "Kwa hiyo ni mimi au ni nafasi?" Notisi inaisha Ijumaa, anaenda kuongea na bosi wake kesho asubuhi. Mkurugenzi amekubali barua ya aina hiyo, lakini pesa anatoa mwezi mmoja, kodi ya chumba hataki kusikia.

Nyegezi Kwetu: Kodi ya miezi 6 ameshalipa! Mwenye nyumba wa Dar unamjua, harudishi hata shilingi. Mwezi mmoja hautoshi.

Bwana Shoka: Milioni moja na laki nne bila kutoa jasho, na bado hautoshi? Mimi kwa bei hiyo nifutieni ofa kila mwezi.

Mzee wa Faili: Mwezi mmoja ndio waajiri wengi hukimbilia, kwa hoja kwamba hata angeanza kazi, notisi ingekuwa kama hiyo. Kodi ni hasara iliyotokana moja kwa moja na ofa yenu, mimi ningeilipa kwa kuona risiti. Akiidai ataanzia Tume ya Usuluhishi au mahakamani? Hapo wanasheria wenyewe nimewasikia wakivutana.

Bwana Shoka: Risiti ya mwenye nyumba wa Dar? Hahaha. Mzee, hapo sasa ndipo umeniacha hoi.

Nyegezi Kwetu: Mkataba wa pango ulioandikiwa serikali ya mtaa unatosha. Wewe Shoka hujawahi kupanga?

Bwana Shoka: Nina nyumba yangu Goba, nipange nini?

Nyegezi Kwetu: Ndiyo maana.