Naomba ushauri: kuunganisha nodi za ngazi moja bila foleni

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu kuunganisha kila nodi na jirani yake wa kulia katika mti wa matawi mawili usiojaa. Napita ngazi ya juu kwa `next`, huku nikishona watoto nyuma ya nodi bandia `dummy`, hivyo 7, mtoto wa 4, anaungana na 8, mtoto wa 6, ingawa 5 aliye katikati hana mtoto. Lakini programu ilikuwa haikomi: ngazi ya mwisho haina watoto, kwa hiyo `dummy.next` ilibaki kwenye 7, na ngazi ileile ikarudiwa. Nimeongeza mstari huu kila ngazi inapoanza:

```
dummy.next = null;
```

Sasa inakoma. Je, inatosha? Na njia ya kujiita, ambayo rafu yake hurefuka kadiri ya kina cha mti, huhesabiwa kuwa nafasi isiyobadilika?